Ukituma linki ya mazungumzo yako na akili mnemba, je, picha ulizopakia nazo zinaonekana?

Msikilizaji mmoja alituuliza swali ambalo tumeona linahitaji jibu refu kuliko dakika chache za hewani. Alikuwa amepiga picha majani ya mahindi yake, akaipakia kwenye programu ya akili mnemba ili aulize ugonjwa ni upi, akapata maelezo yaliyomridhisha. Akataka wenzake wa kikundi nao wayasome, kwa hiyo akabonyeza sehemu ya kushiriki, akapata linki, akaituma WhatsApp. Baadaye ndipo akajiuliza: hawa wanaofungua linki wanaona maandishi tu, au wanaona na picha zangu?

Jibu fupi ni kwamba chukulia wanaziona. Programu hizi hazifanani, na hata programu moja hubadilisha utaratibu wake bila kupiga mbiu. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalifikirii: hata pale picha yenyewe isipoonekana, maandishi yanayoizungumzia picha hiyo yanabaki palepale, na mara nyingine yanatosha kumwambia msomaji kila kilichokuwa kwenye picha.

Linki inabeba nini

Unapobonyeza "Share" kwenye programu kama ChatGPT, simu haimtumii mwenzako ujumbe mmoja uliokupendeza. Inatengeneza ukurasa kwenye mtandao wenye mazungumzo yale kuanzia neno la kwanza uliloandika hadi pale ulipofika wakati wa kubonyeza. Anwani ya ukurasa huo huanza hivi, kisha hufuatwa na mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu:

```
https://chatgpt.com/share/
```

Ule mfululizo mrefu ndio ufunguo. Hakuna mtu atakayeubahatisha kwa kukisia, lakini yeyote aliyeupata, kwa kutumiwa na wewe au kwa kutumiwa na mtu uliyemtumia, anafungua. Ukurasa haumuulizi jina wala nywila, na haujui kama yeye ni mwanakikundi wako au mgeni kabisa.

Ukurasa huo ni kama picha ya mnato ya mazungumzo. Ukiendelea kuzungumza na programu baada ya kutengeneza linki, yale mapya hayaingii kwenye ukurasa wa zamani. Ukipakia picha kesho, waliopewa linki ya leo hawaioni. Ila ukirudi kwenye mazungumzo yaleyale na kutengeneza linki upya, basi yote yaliyoongezeka yanaingia, na hapo ndipo watu hujikwaa, kwa sababu wanakumbuka kile walichoshiriki mara ya kwanza na kusahau walichoongeza katikati.

Kwa nini picha mara zinaonekana, mara hazionekani

Maandishi na picha havikai mahali pamoja. Fikiria basi linalotoka stendi. Maandishi ni abiria: wamepanda, wanasafiri na basi lenyewe. Picha ni mzigo uliobaki stoo, na kwenye basi kuna stakabadhi tu ya kuuchukulia. Ukurasa wa mazungumzo unapofunguka kwenye simu ya mwenzako, maandishi yanafika kwanza, kisha ukurasa unapeleka stakabadhi stoo na kuomba picha iletwe.

Sasa inategemea mwenye stoo. Yupo anayetoa mzigo kwa yeyote mwenye stakabadhi, na hapo picha itaonekana. Mwingine anadai kwanza aone kama wewe ndiye mwenye akaunti, na hapo mgeni ataona kisanduku kitupu. Na zipo stakabadhi zenye muda: zikipitwa na saa au siku kadhaa, stoo inazikataa mpaka itolewe nyingine. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukuambia ameiona picha na mwingine akaapa hakuna kitu, wote wakiwa wanasema kweli.

Historia ya ChatGPT inaonyesha jinsi utaratibu unavyohama. Sehemu ya kushiriki kwa linki ililetwa Mei 2023, wakati watumiaji walikuwa wakiandika maandishi tu. Uwezo wa kupakia picha ulitangazwa Septemba mwaka huohuo, yaani baada ya linki kuwapo. Kwa kipindi fulani, mazungumzo yenye picha yalikataa kabisa kushirikiwa. Ukijaribu, programu ilikuambia jambo hilo bado haliwezekani. Zuio hilo halikudumu. Kwa hiyo mtu aliyejifunza mwanzoni kwamba "mazungumzo yenye picha hayatoki" na akabaki na imani hiyo, leo anaweza kutoa nje picha ambazo hakukusudia.

Kisa kilichofundisha wengi ni cha Grok, programu ya kampuni ya xAI ya Elon Musk. Agosti 2025 jarida la Forbes la Marekani liliripoti kwamba zaidi ya mazungumzo 370,000 ya watumiaji wa Grok yalikuwa yanapatikana kwa kutafuta tu Google. Wenyewe walikuwa wamebonyeza kitufe cha kushiriki, pengine wamtumie rafiki mmoja, na kila linki ikawa ukurasa ambao mitambo ya kutafuta iliruhusiwa kuusoma. Linalotuhusu hapa ni kwamba hayakuwa maneno matupu. Faili ambazo watu walipakia, zikiwamo picha, majedwali na nyaraka, nazo ziliweza kufunguliwa kupitia kurasa hizo. Wiki chache kabla yake OpenAI, wenye ChatGPT, nao walikuwa wameondoa kisanduku kilichomruhusu mtumiaji kukubali mazungumzo yake yaonekane kwenye mitambo ya kutafuta, baada ya watu kuonekana wakikikubali bila kuelewa maana yake.

Mfano wa mama mwenye shamba Mbozi

Tuchukue mfano, ili jambo lieleweke kwa mpangilio. Huyu mama tumemtunga sisi, lakini hatua zake ni zile zinazofanywa kila siku.

Asubuhi anapiga picha mahindi yake yaliyotobolewa majani, yenye unga kama wa msumeno kwenye moyo wa mmea. Anaipakia, anauliza. Programu inamweleza kuhusu viwavijeshi vamizi na jinsi ya kuwatambua: alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Anakwenda shambani, anathibitisha.

Mchana, akiwa bado kwenye mazungumzo yaleyale, anakumbuka barua ya kuomba mkopo wa dawa na mbolea kwenye SACCOS. Anapiga picha kitambulisho chake cha NIDA ili asihangaike kuandika taarifa zake, anaomba aandikiwe barua. Barua inatoka nzuri, ina jina lake kamili na namba yake ya kitambulisho.

Jioni anarudi kwenye suala la viwavi, anauliza saa nzuri ya kupulizia, anapata jibu lenye manufaa. Hilo ndilo analotaka kikundi kilione. Anatengeneza linki, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakulima.

Wanakikundi watakachofungua si jibu la jioni peke yake. Wataanza na picha ya mahindi ya asubuhi, ambayo haina ubaya wowote. Wakishuka, watakutana na sehemu ya mchana. Ikiwa programu ile inatoa picha kwa yeyote mwenye linki, kitambulisho kiko pale, sura na sahihi. Ikiwa haitoi, watakuta kisanduku kitupu, na mama anaweza kushusha pumzi. Asishushe haraka. Chini ya kisanduku kile ipo barua, na ndani ya barua ipo namba yote.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenye nayo. Ni namba ileile anayotakiwa kuitaja anaposajili laini ya simu na anapofungua akaunti benki. Tapeli anayempigia simu mama huyu akamtajia jina lake lote, tarehe yake ya kuzaliwa na SACCOS anayoomba mkopo, ataaminika upesi kuliko yule anayeanza na "tuma kwenye namba hii".

Hapa ndipo ninaposema swali la "picha zinaonekana?" ni nusu ya swali. Programu hizi zina tabia ya kueleza zilichokiona. Ukipakia kadi ya kliniki ya mtoto, jibu litataja uzito, umri na chanjo. Ukipakia risiti, litataja duka, tarehe na kiasi. Ukipakia picha ya majibu ya maabara, litayarudia majibu yenyewe kabla ya kuyafafanua. Mwenye stoo anaweza kuufungia mzigo, lakini abiria tayari wameshafika wakiwa na orodha ya vilivyomo.

Jinsi ya kujua kwa hakika

Njia pekee ya kuaminika ni kuifungua linki kama mtu mwingine, kabla hujaituma. Kuiangalia kwenye simu yako kwa kawaida hakukuambii kitu, kwa sababu simu yako inajulikana: umeingia kwenye akaunti yako, na stoo inakupa mzigo wako. Utaziona picha hata kama wengine hawazioni. Simu nyingine pia, ukigusa linki, zinakupeleka moja kwa moja kwenye programu yenyewe, ambako umeshaingia.

Fanya hivi. Tengeneza linki, lakini uchague kuinakili tu, usiitume kokote. Fungua Chrome, bonyeza vitone vitatu vilivyo pembeni, uchague "New Incognito tab". Hilo ni dirisha ambalo halikutambui wewe ni nani. Bandika linki kwenye nafasi ya anwani, ufungue. Sasa soma kuanzia juu kabisa hadi chini, usiruke, maana kilichojificha huwa katikati. Kila unapokuta picha, jiulize kama ungeibandika ukutani pale ofisi ya kijiji. Kila unapokuta kisanduku kitupu, soma maandishi yaliyo chini yake kwa jicho hilohilo.

Kama una jirani ambaye hajawahi kutumia programu hiyo, simu yake ni kipimo kizuri zaidi. Katika mfano wetu, kijana wa yule mama angeshika simu yake na kusema, "Mama, mbona na kitambulisho chako kipo hapa?" na jambo lingeishia jikoni.

Jihadhari na majibu ya "mimi sioni kitu". Wanakikundi wengi wananunua bando la WhatsApp pekee. Linki inaonekana kwenye kundi, lakini wakiigusa haifunguki, kwa sababu ukurasa wenyewe uko nje ya WhatsApp na bando lao halifiki huko. Wengine mtandao wao ni wa kusuasua. Maandishi yamefika, picha bado inazunguka, na wao wameshafunga. Mtu huyo akipata bando kamili au akienda mjini Jumamosi, atafungua linki ileile na kuona kila kitu. Kisanduku kitupu cha leo nacho si ahadi ya kesho, kwa sababu mwenye stoo anaweza kubadilisha utaratibu wake.

Kuna kitu kidogo cha kuongeza kuhusu kichwa cha mazungumzo. Programu hujitungia kichwa kutokana na ulichouliza, na unapotuma linki WhatsApp, kichwa hicho mara nyingi hutokea pamoja nayo hata kabla mtu hajafungua. Ukikuta kichwa kinasema "Barua ya mkopo" wakati unataka kutuma habari za viwavi, hiyo ni dalili tosha kwamba umechanganya mambo mawili kwenye mazungumzo mamoja.

Kutuma bila linki

Kwa jambo la aya mbili tatu kama la yule mama, linki haikuhitajika. Angebonyeza kwa muda kwenye lile jibu la jioni, akalinakili, akalibandika kwenye kundi. Linafika kama ujumbe wa kawaida, linasomeka hata kwa mwenye bando la WhatsApp tu, na halina kingine nyuma yake. Kama anataka waone na majani, anaituma ile picha ya mahindi kama anavyotuma picha nyingine yoyote. Skrinshoti nayo inafaa, ilimradi uikate juu na chini usiache mstari wa jambo jingine umening'inia.

Linki ina maana pale mazungumzo yenyewe ni marefu na mwenzako anahitaji kufuata mtiririko wote. Kwa hali hiyo, fungua mazungumzo mapya, pakia ile picha moja inayohusika, uliza upya maswali yako, kisha ushiriki hayo mapya. Itakugharimu bando kidogo na dakika chache. Binafsi ningependa watu wazoee jambo hili tangu mwanzo: shamba lina mazungumzo yake, barua zina yake, na afya ya watoto ina yake, kama vile hatuweki mbolea na unga kwenye gunia moja.

Kama linki imeshatoka

Kufuta ujumbe kwenye kundi ni hatua ya kwanza ambayo watu huifikiria, na inasaidia kiasi. WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kidogo tangu ulipotuma. Baada ya hapo, msimamizi wa kundi bado anaweza kuufuta. Lakini kufuta ujumbe ni kuondoa kibao cha kuelekeza njia. Nyumba ingali imesimama, na aliyeinakili linki, au aliyeituma kwenye kundi jingine, bado anaifikia.

Kinachotakiwa ni kuiua linki yenyewe. Kwa ChatGPT, ingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari, kwenye chatgpt.com, nenda "Settings", kisha "Data controls", kisha "Shared links". Utaona orodha ya linki zote ulizowahi kutengeneza. Wengi hushtuka kukuta zipo nyingi kuliko walivyokumbuka. Futa ile unayotaka iondoke. Programu nyingine nazo zina sehemu ya namna hiyo kwenye mipangilio. Tafuta neno "shared". Ukimaliza, rudia kipimo cha dirisha la Incognito: linki ikifunguka na kuonyesha mazungumzo, hujaifuta.

Kufuta linki hakumfikii aliyekwisha kupiga skrinshoti. Hakumfikii pia aliyefungua linki akaamua kuyaendeleza mazungumzo kwenye akaunti yake mwenyewe, kwa sababu huyo tayari ana nakala yake, na kufuta kwako hakugusi historia yake. Ikiwa linki ilikuwa imesomwa na Google, kichwa na mistari michache vinaweza kubaki kwenye matokeo ya utafutaji kwa muda hata baada ya ukurasa kuondoka.

Kwa hiyo kama kilichokuwa kwenye picha ni kitambulisho au namba ya akaunti, usisubiri kuona kama kuna aliyekiona. Iarifu SACCOS au benki yako kwamba taarifa zako zimetoka nje, ili mtu akija na jina lako wamuulize zaidi. Kisha piga *106# kwenye simu yako uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho chenyewe mkononi, waifunge.